Risasi ikinasa kwenye gogo, ni nini hasa kinachohifadhiwa?

Ukinionyesha karatasi ya majibu yenye namba 21.2 kwenye swali la pendulamu ya risasi, sina haja ya kupitia hatua za hesabu. Najua tayari mwenye karatasi alipita njia gani. Swali lenyewe ni lile la siku zote: risasi ya gramu 10 inafyatuliwa kwenye gogo la mbao la kilo 1.99 linaloning'inia kwenye kamba ya mita 1. Risasi inanasa ndani ya gogo, gogo linabembea nayo na kupanda sentimita 11.5 hivi kabla ya kurudi. Risasi ilikuja na kasi gani?

Aliyepata 21.2 alifikiri kwamba nishati haipotei, kwa hiyo nishati ya risasi ndiyo iliyopandisha gogo. Kupandisha kilo 2 kwa sentimita 11.5 kunahitaji jouli 2.25. Nishati mwendo ni nusu ya masi mara mraba wa kasi, basi kwa gramu 10 kasi inatoka mita 21.2 kwa sekunde. Hesabu ni safi, hakuna sehemu aliyokosea kuzidisha. Ila kasi halisi ya risasi hiyo ni mita 300 kwa sekunde. Mita 21 kwa sekunde ni kasi ambayo mtu mwenye mkono mzuri anairushia jiwe.

Jibu lililokosea mara 14 halitokani na rula iliyosomwa vibaya. Limetokana na sheria ya kweli iliyotumika kwenye kipande cha wakati ambacho si chake. Tena kinachosumbua ni kwamba kwenye swali hilohilo, mara tu baadaye, sheria hiyo inatumika na inafanya kazi vizuri kabisa. Mwanafunzi anauliza, kwa haki yake: "Mwalimu, kwa nini nishati inakatazwa hapa na pale inaruhusiwa?" Akijibiwa "kwa sababu huu ni mgongano usio nyumbufu," amepewa jina tu la jambo, sababu bado.

Sababu iko ndani ya gogo, kwenye muda ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Tuingie humo.

Tuseme risasi inachimba sentimita 5 ndani ya mbao kabla ya kutulia, na tuchukulie kwamba mbao inaikaba kwa kani isiyobadilika. Si kweli kabisa, maana nyuzi za mbao hazifanani na risasi yenyewe inabonyea njiani, lakini picha haiharibiki. Kasi ya risasi ikipimwa kutoka kwenye gogo inashuka kutoka 300 hadi sifuri, wastani wake ni 150, na kwa wastani huo sentimita 5 zinamalizika kwa theluthi moja ya milisekunde. Kani inayohitajika kuisimamisha kwa umbali huo ni karibu nyutoni 9,000. Ndiyo, nyutoni elfu tisa, kutoka kwenye kipande cha mbao. Inadumu muda mfupi mno kiasi kwamba hatuihisi kama kitu kikubwa.

Sasa tazama pande mbili za kani hiyo. Mbao inaisukuma risasi nyuma kwa nyutoni 9,000, na risasi inaisukuma mbao mbele kwa nyutoni 9,000 hizohizo. Hakuna mmoja anayesukuma zaidi ya mwenzake. Vilevile hakuna mmoja anayesukuma kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu mguso ni mmoja: unapoanza kwa risasi ndipo unapoanza kwa gogo, na unapoisha kwa huyu umeisha kwa yule. Kani mara muda inaitwa msukumo, na msukumo ndio unaobadilisha momenta, yaani masi mara kasi. Kani ni sawa na muda ni sawa, basi momenta iliyoitoka risasi ndiyo iliyoingia kwenye gogo, hakuna iliyobaki njiani. Zidisha 9,000 kwa theluthi ya milisekunde upate kilogramu mita 3 kwa sekunde hivi. Ndiyo momenta ambayo risasi ilikuja nayo: 0.01 mara 300.

Nishati ina hesabu nyingine, maana yenyewe inabadilishwa na kazi, na kazi ni kani mara umbali. Umbali hapa haulingani hata kidogo. Katika theluthi hiyo ya milisekunde gogo linatoka kwenye utulivu hadi kasi ya mita 1.5 kwa sekunde, na linakuwa limesogea robo ya milimita tu. Risasi, katika muda huohuo, imesafiri sentimita 5 pamoja na hiyo robo ya milimita. Kani ileile ikifanya kazi juu ya robo ya milimita inaipa gogo jouli 2.24. Ikifanya kazi juu ya milimita 50.25 inainyang'anya risasi jouli 450. Kilichotolewa na kilichopokewa havikaribiani hata kwa mbali, na tofauti yake, karibu jouli 448, ni kani mara zile sentimita 5 ambazo kimoja kilisugua ndani ya kingine.

Kwangu mimi hapa ndipo sura nzima ya migongano ilipo. Vitu viwili vinavyogusana vinashirikiana muda daima, lakini si lazima vishirikiane umbali. Momenta inafuata muda, kwa hiyo inahifadhiwa katika kila mgongano, uwe wa kudunda au wa kunasa, mradi hakuna mtu wa nje anayesukuma. Nishati mwendo inafuata umbali, kwa hiyo kila mara kimoja kinapozama, kinapobonyea au kinaposugua ndani ya kingine, kuna hesabu isiyofunga upande wa mwendo. Nishati kwa jumla haikupotea popote. Jouli 448 zimekuwa nyuzi za mbao zilizokatika, risasi iliyobonyea, mlio, na zaidi ya yote joto. Zikisambaa kwenye gogo zima zitalipasha joto kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi tu, ndiyo maana mkono hauhisi kitu. Risasi yenyewe inayopokea sehemu yake ya joto hilo ina habari tofauti: ni gramu 10 tu, na madini yake hayahitaji joto jingi kupanda nyuzi nyingi.

Jambo hili liliwatesa watu wazito kabla yetu. Kwa miongo kadhaa katika karne ya 17 na ya 18 wasomi wa Ulaya waligombania kipimo halisi cha mwendo. Wafuasi wa Descartes walishikilia masi mara kasi, na Leibniz, tangu 1686, alishikilia masi mara mraba wa kasi. Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini na kuona kwamba mashimo yanafuata mraba wa kasi. Tukiangalia leo, udongo laini ni kifaa cha kupima umbali: unapinga kwa kani fulani na kuuliza mpira utazama kiasi gani. Angewapimia muda wa kusimama, wale wengine nao wangejiona wameshinda.

Tuache risasi kidogo, maana inazidisha kila kitu, twende kwenye vigari viwili juu ya reli isiyo na msuguano. Kigari cha kilo 1 kinakuja kwa mita 4 kwa sekunde, cha kilo 3 kimesimama. Momenta yote ni 4, na nishati mwendo yote ni jouli 8. Baada ya kugongana momenta bado ni 4, hilo halina mjadala. Lakini sheria moja haiwezi kutaja kasi mbili. Vigari vinaweza kunasana na kwenda pamoja kwa mita 1 kwa sekunde. Kile kidogo kinaweza kurudi nyuma kwa 2 na kikubwa kwenda mbele kwa 2. Kidogo kinaweza kurudi kwa nusu mita na kikubwa kwenda mbele kwa mita 1.5. Zidisha mwenyewe uone: zote tatu zina momenta ya 4. Momenta inakataa matokeo mengi sana, lakini yaliyobaki hayana idadi, na kati ya hayo haichagui.

Anayechagua ni kitu kilicho kati ya vigari. Ukiweka springi nzuri, vitaachana kwa kasi ileile vilivyokaribiana. Kabla, kimoja kilimkaribia mwenzake kwa 4. Baada, kimoja kinaenda nyuma kwa 2 na kingine mbele kwa 2, wanaachana kwa 4. Huo ndio mgongano nyumbufu, na ukipiga hesabu ya nishati mwendo utapata jouli 2 na jouli 6, jumla 8, hakuna iliyopungua. Ukiweka gundi, wanaachana kwa sifuri: hawaachani. Nishati mwendo inabaki jouli 2. Ukiweka mpira mbovu, huenda wakaachana kwa 2, yaani nusu ya kasi ya kukaribiana, na nishati inayobaki ni jouli 3.5.

Uwiano huo wa kasi ya kuachana kwa kasi ya kukaribiana huandikwa e. Newton alishaupima, na kuuripoti katika kitabu chake kikuu cha 1687, kwa kugonganisha mipira iliyoning'inizwa kwenye nyuzi ndefu. Mipira ya sufu iliyokazwa ilipata 5 kwa 9, ya kioo 15 kwa 16. Kabla yake, mwaka 1668, Jumuiya ya Kifalme ya London iliomba wajuzi waeleze sheria za migongano, na majibu yaliyofika yalikuwa ya vitu tofauti: Wallis aliandika kuhusu vitu visivyodunda, Wren na Huygens kuhusu vinavyodunda kikamilifu. Ukisoma haraka unaweza kudhani wanapingana. Ukweli ni kwamba kila mmoja alishika ncha moja ya kamba hiyohiyo.

Kwenye vigari vyetu kuna namba nataka uitazame vizuri: zile jouli 2 zinazobaki wakati wa gundi. Kwa nini 2, kwa nini si sifuri? Gundi kali zaidi isingezila hizo pia? Hapana, na haijalishi umeweka nini katikati. Vigari vyote kwa pamoja ni kilo 4 zenye momenta ya 4, kwa hiyo kitovu cha masi yao kinasafiri kwa mita 1 kwa sekunde kabla, wakati na baada ya mgongano. Kilo 4 zinazosafiri kwa mita 1 kwa sekunde haziwezi kuwa na nishati mwendo chini ya jouli 2. Nishati hiyo iko chini ya ulinzi wa momenta. Kinachoweza kuliwa ni zile jouli 6 zilizobaki, ambazo ni za kukaribiana kwao, na hizo zinategemea kasi ya kimoja ukiwa umekaa juu ya kingine.

Ukikimbia kando ya reli kwa mita 4 kwa sekunde utaona mambo mengine kabisa: kigari kidogo kimesimama, kikubwa kinakujia kwa 4, nishati mwendo yote ni jouli 24. Vikinasana utaona vinarudi nyuma kwa 3, nishati ni 18. Imepungua 6, ileile. Mimi na wewe hatukubaliani nishati mwendo ni kiasi gani, ila tunakubaliana imeliwa kiasi gani, na lazima iwe hivyo, maana kipimajoto kilichobandikwa kwenye gundi hakijui nani anakimbia. Ile sehemu ya kukaribiana inabaki ikiwa imezidishwa na mraba wa e. Kwa e ya nusu inabaki robo ya 6, yaani 1.5, ukiongeza 2 za kitovu unapata 3.5 kama tulivyohesabu. Kwa kioo cha Newton inabaki asilimia 88, kwa sufu yake asilimia 31.

Kwa mtazamo huu risasi haishangazi tena. Gogo ni zito kuliko risasi mara 199, kwa hiyo kitovu cha masi kiko karibu kabisa na gogo na kinakwenda polepole, mita 1.5 kwa sekunde. Nishati inayolindwa ni jouli 2.25 kati ya 450, nusu asilimia. Asilimia 99.5 iliyobaki ni ya kukaribiana, na kwa kuwa risasi imenasa, e ni sifuri, imeliwa yote. Sehemu inayobaki ni masi ya risasi gawanya kwa masi yote, moja kwa 200, na kipeuo cha pili cha 200 ndiyo ile 14 ambayo jibu la 21.2 lilikosea.

Haya, sasa risasi imeshanasa, gogo lina kasi ya 1.5, kamba bado iko wima. Kuanzia hapa mchezo unageuka. Gogo linapanda, momenta yake inapungua hadi sifuri kule juu, kwa hiyo ukijaribu kuhifadhi momenta hapa utaambulia upuuzi. Kuna wa nje wawili wanaosukuma: mvutano wa kamba na uzito. Wakati wa mgongano walikuwepo pia, lakini walikuwa na theluthi ya milisekunde tu, na gogo lilisogea robo ya milimita, kamba ikainama pembe isiyoonekana. Msukumo wa mlalo waliofanikiwa kuuingiza ni chini ya sehemu moja ya milioni ya momenta ya risasi. Kwenye kubembea wana karibu nusu sekunde kufika juu. Muda ndio uliowafanya waonekane.

Na nishati? Kamba inavuta kwa pembe mraba na mwendo wakati wote, kwa hiyo haifanyi kazi yoyote. Hakuna kinachozama ndani ya kingine. Kani pekee inayofanya kazi ni uzito, na hiyo inaweka hesabu yake vizuri kwenye kimo. Basi nusu ya mraba wa kasi ni sawa na g mara kimo, na mraba wa 1.5 ukigawanywa kwa mara mbili ya 9.81 ni mita 0.115. Ukitaka njia yote kwa mistari miwili, m na v zikiwa masi na kasi ya risasi, M masi ya gogo, V kasi ya pamoja baada ya kunasa, na h kimo:

```
m v = (m + M) V          mgongano
V² = 2 g h               kubembea
```

Mstari wa kwanza hauna nishati, wa pili hauna momenta. V ndiyo mlango kati ya vyumba viwili, na anayefunga mlango huo kwa kuandika mstari mmoja kutoka risasi hadi kimo ndiye anayepata 21.2.

Kifaa hiki kilitokana na hitaji halisi, si cha kuwatesa wanafunzi. Mwingereza Benjamin Robins alikieleza katika kitabu alichochapisha 1742, wakati ambapo hakukuwa na saa ya kupima theluthi ya milisekunde wala njia nyingine nzuri ya kujua risasi inatoka na kasi gani. Alichofanya ni kuikabidhi momenta ya risasi kwa kitu kizito ili kasi ishuke mara mamia, ifikie kiwango ambacho macho na mikono vinaweza kupima. Alipata kasi za zaidi ya mita 500 kwa sekunde kwa risasi za bunduki, na kwa kusogeza pendulamu mbali zaidi akaona kasi inavyoliwa na hewa njiani. Upinzani wa hewa ulikuwa mkubwa mno kuliko watu wa mizinga walivyozoea kudhani. Mwanahisabati Euler alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani mwaka 1745 na kuongeza maelezo yake marefu.

Ninachokipenda kwa Robins ni utepe. Alifunga utepe chini ya pendulamu, ukapita kwenye kibanio kinachoukaba kidogo. Pendulamu ikirudi nyuma kwa pigo inauvuta utepe nje, ikirudi mbele utepe unabaki palepale ulipovutwa, unaupima kwa utulivu wako. Urefu uliovutwa ni umbali wa moja kwa moja kutoka sehemu ya chini hadi sehemu ya juu kabisa ya bembeo, siyo kimo. Na hapo kuna raha ya kihesabu: kasi ya chini ya bembeo ni sawa na umbali huo mara kipeuo cha pili cha g gawanya kwa urefu wa kamba. Kwenye mfano wetu utepe ungevutwa sentimita 48, na 0.479 mara 3.13 ni 1.5. Hakuna mraba wala kupima kimo kidogo kwa kukisia. Utepe ukivutwa mara mbili, risasi ilikuja kwa kasi mara mbili. Hili ni sahihi hata kwa bembeo kubwa, si makadirio ya pembe ndogo.

Sasa tukitoka kwenye kamba laini kwenda kwenye vifaa vya maabara, jambo moja linaharibika ambalo vitabu vingi vya shule vinalipita kimya. Pendulamu ya maabara mara nyingi haina kamba, ina fimbo ngumu iliyofungwa kwenye ekseli. Kamba haiwezi kusukuma mlalo, lakini ekseli inaweza, na inasukuma palepale wakati wa mgongano, kwa kani kubwa kama ya mgongano wenyewe. Ule utetezi wa "muda ni mfupi" haumsaidii mtu hapa, maana msukumo wa ekseli unafika pamoja na pigo.

Chukua fimbo sare, imening'inia kwenye ekseli juu, na kidonge chepesi kinainasia. Kikipiga ncha ya chini kabisa, hesabu inatoa kwamba mara baada ya mgongano fimbo ina momenta mara moja na nusu ya ile ambayo kidonge kilikuja nayo. Imezidi! Ekseli imesukuma mbele, kwa sababu ukipiga ncha ya chini, sehemu ya juu ya fimbo inataka kurudi nyuma na ekseli inaizuia. Kikipiga theluthi moja ya urefu kutoka juu, momenta inayobaki ni nusu tu, ekseli imesukuma kinyume. Kuna sehemu moja, theluthi mbili kutoka ekseli, ambapo ekseli haihisi chochote na momenta inahifadhiwa barabara. Mcheza kriketi anaijua sehemu hiyo ya gongo kwa viganja vyake.

Kwa hiyo kwenye fimbo momenta ya mstari si kitu cha kutegemea. Kinachohifadhiwa ni momenta ya mzunguko kuhusu ekseli, kwa sababu kani ya ekseli, iwe kubwa namna gani, haina mkono wa kuzungusha: inapita kwenye kitovu chenyewe cha mzunguko. Hesabu inakuwa momenta ya kidonge mara umbali wake kutoka ekseli, sawa na inesha ya mzunguko mara kasi ya kuzunguka, halafu nishati inachukua usukani kama kawaida kwenye kubembea. Wanaotumia fimbo na kuihesabu kama gogo kwenye kamba hupata kasi iliyopinda upande mmoja kila mara. Rudia jaribio mara ishirini, wastani utatulia vizuri kwenye namba isiyo sahihi. Dalili ni kubadilisha urefu ambapo kidonge kinapiga: kama kasi uliyokokotoa inabadilika na mahali pa pigo wakati springi inayokifyatua ni ileile, hesabu yako imeisahau ekseli.

Dalili nyingine ziko kwenye kunasa kwenyewe. Hesabu yote ya gogo imesimama juu ya e kuwa sifuri. Risasi yetu ya mita 300 ingekutana na bamba la chuma na kudunda kikamilifu badala ya kunasa, ingerudi kwa mita 297 na gogo lingepata mita 3 kwa sekunde, mara mbili ya zamani. Kimo kingekuwa sentimita 46, mara nne. Na ukitumia fomula ya kunasa ungeapa kwamba risasi ilikuja kwa 600. Hili huwashangaza watu, kwamba mgongano usiopoteza nishati unalisukuma gogo zaidi, lakini momenta ya risasi imegeuzwa, haikusimamishwa tu, na kugeuza kunahitaji msukumo mara mbili hivi. Gogo lenyewe limepokea asilimia 2 tu ya nishati, risasi imeondoka na zilizobaki.

Risasi ikipita na kutokea upande wa pili kwa mita 100 kwa sekunde, gogo linabaki na theluthi mbili za momenta, na fomula itakuambia risasi ilikuja kwa 200 hivi. Mgongano huo pia haukuwa nyumbufu, umepoteza karibu jouli 399. Kwenye kipimo cha kimo peke yake huwezi kutofautisha risasi ya 200 iliyonasa na ya 300 iliyopita. Lazima uangalie tundu la nyuma.